Jiko la wali likiruka kwenye joto mapema

Jiko langu la umeme hapa Tabora lilikuwa linaruka kwenye kutunza joto kabla maji hayajakauka, nami nikausingizia mchele wa Nzega. Kumbe punje moja iliyoungua ilikuwa imeganda kwenye sahani ya moto. Sufuria isipokaa sawasawa, sahani hupata moto kupita kiasi na kile kitufe cha katikati, ambacho ndicho thamostati, hudhani wali umeiva. Chomoa waya, acha lipoe, sugua sahani kwa msasa laini, futa, kausha na kitako cha sufuria. Bonyeza kitufe hicho cha katikati: kirudi juu chenyewe. Kisha chemsha vikombe viwili vya maji matupu. Likiruka kabla hayajachemka, na kitako hakijabonyea, thamostati imekufa, mpelekee fundi.