Somo: Kalsiamu ya damu inasoma sawa, kumbe mifupa inaliwa

Ndugu zangu mliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, nitawapitisha kwenye ufuatiliaji wa lishe kwa kumtumia mama mmoja niliyemhudumia. Ana miaka 38 na urefu wa mita 1.60. Alifanyiwa bypasi ya tumbo, na alikuja kwangu mwezi wa saba baada ya upasuaji akiwa na karatasi ya maabara mkononi. Alikuwa na furaha kwa sababu kalsiamu yake ilisoma 2.3, yaani kawaida kabisa. Alilalamikia uchovu tu, na maumivu ya mapaja akipanda ngazi.

Hatua ya 1: Hesabu protini ya jana, usihesabu ya siku unayojisifia

Baada ya upasuaji huu lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, au gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito unaofaa kwa urefu wako. Kwa urefu wake, uzito huo ni kama kilo 64, kwa hiyo tuliweka lengo la gramu 70.

Nikamwomba anitajie kila alichokula jana yake. Yai moja, gramu 6. Glasi ya maziwa, 8. Kipande cha samaki cha gramu 60 kilichopikwa, kama 14. Kikombe kidogo cha mtindi, 6. Kuku kidogo jioni, 14. Jumla 48. Yeye alikuwa na hakika kwamba anakula protini nyingi, maana kila mlo ulikuwa nayo. Ni kweli ilikuwamo, ila tumbo lililobaki ni dogo, na alikuwa anaanza na wanga halafu anashiba kabla ya kumaliza samaki.

Tulibadilisha mambo mawili tu. Protini iliwe kwanza, na maji yasubiri kama nusu saa baada ya mlo. Pengo la gramu 20 na kidogo tuliliziba kwa kipimo kimoja cha unga wa protini kwenye maziwa yake ya asubuhi.

Hatua ya 2: Leta chupa zote za vidonge mezani

Hapa ndipo tatizo lake lilipojificha. Alikuwa anameza kalsiamu kabonati kidonge kimoja na kidonge cha madini ya chuma, vyote asubuhi kwa pamoja.

Kalsiamu na chuma hufyonzwa zaidi sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na bypasi imeiruka sehemu hiyo. Tena kabonati inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na kijitumbo kilichobaki kina asidi kidogo sana. Kalsiamu sitreti haitegemei asidi, ndiyo maana tunaipendelea. Juu ya hayo, kalsiamu na chuma vikikutana tumboni vinagombania kufyonzwa, na chuma kinashindwa.

Soma pia maandishi madogo ya chupa. Kidonge cha miligramu 1000 za kalsiamu sitreti kina kalsiamu halisi kama miligramu 210 tu. Lengo la miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku huhesabiwa kwa kalsiamu halisi, na mwili haufyonzi vizuri zaidi ya 500 hadi 600 kwa mara moja. Kwa hiyo lazima igawanywe.

Mpango wake mpya ulikuwa huu: kalsiamu sitreti yenye miligramu 500 halisi asubuhi, mchana na jioni, chuma usiku wakati wa kulala, angalau saa mbili mbali na kalsiamu, na bila chai wala kahawa. Kwa mwanamke anayepata hedhi, chuma ni miligramu 45 hadi 60 halisi kwa siku.

Hatua ya 3: Soma vipimo kwa pamoja

Damu haikubali kalsiamu yake ishuke. Ikipungua kwenye chakula, tezi za parathairoidi hutoa homoni iitwayo PTH, inayovuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Ndiyo maana namba ya kalsiamu peke yake ilimdanganya mama huyu. Niliomba viongezwe vipimo viwili: PTH ilikuwa juu, na vitamini D ilikuwa 17, wakati tunataka ipite 30. Feritini, ambayo ni akiba ya chuma, nayo ilikuwa chini. Tuliongeza vitamini D3 yuniti 3000 kwa siku, tukapima tena baada ya miezi mitatu. PTH ikarudi kawaida, na ngazi akazipanda.

Ratiba ya vipimo ni mwezi wa 3, wa 6, wa 12, halafu kila mwaka maisha yote: picha kamili ya damu, feritini, B12, foleti, vitamini D, kalsiamu, PTH na albumini. Zinki na kopa huongezwa, hasa kwa waliofanyiwa bypasi. Angalizo moja: feritini hupanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, kwa hiyo usipime ukiwa na homa ukaridhika na jibu.

Hatua ya 4: Dalili isiyosubiri miadi

Akiba ya vitamini B1 mwilini hutosha wiki mbili hadi tatu tu. Ukitapika siku kadhaa mfululizo, nenda hospitali. Ukianza kuona vitu viwiliviwili, kuyumba ukitembea au kuchanganyikiwa, nenda saa hiyohiyo, na anayekusindikiza aseme mapema kwamba ulifanyiwa upasuaji wa tumbo. Thiamini inapaswa kutolewa kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu sukari humaliza kile kidogo kilichobaki na kuuumiza ubongo zaidi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Nina mwezi wa nne, nywele zinatoka kwa mafungu. Nimeanza vidonge vya nywele vyenye bayotini. Ni sawa?*

Marahaba mdogo wangu. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele hutoka kwa wengi kwa sababu ya kupungua haraka, na hurudi. Zikiendelea baada ya hapo, tafuta upungufu wa protini, chuma au zinki. Bayotini nyingi inaharibu vipimo: kwenye baadhi ya mashine hushusha PTH na kupandisha vitamini D kwa uongo, yaani inaficha hasa tatizo tulilolizungumza. Iache siku tatu kabla ya kutoa damu, na uwaambie maabara.

*Mimi nilikatwa tumbo tu, utumbo haukuguswa. Yananihusu?*

Yanakuhusu, kaka. Sehemu kubwa ya tumbo iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa inatoa asidi na ile protini inayobeba B12.

*Miaka mitatu sasa niko salama, vidonge niliacha mwaka jana. Siku hizi nyayo zinawaka moto usiku na vidole vina ganzi.*

Ndugu yangu, pima B12 wiki hii. Ini hutunza akiba ya miaka, ndiyo maana uliacha ukajiona mzima. Usianze foleti peke yake, kwa kuwa inaweza kurekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika. Ikiwa chini, daktari ataanza na sindano, kisha utaendelea na maikrogramu 1000 kwa mwezi kwa sindano, au 350 hadi 1000 kila siku kwa mdomo. Mwombe apime na kopa, kwa sababu upungufu wake huleta ganzi inayofanana na hiyo, hasa kama ulikuwa unameza zinki nyingi.