Jinsi ya kuandika hotuba ya kufungua siku ya michezo shuleni bila kumsahau anayemaliza wa mwisho

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kufungua siku ya michezo, nilisema kwa sauti ya juu: "Leo kila mmoja wenu ni mshindi!" Wazazi wakapiga makofi. Jioni, zawadi zilipokwisha kugawiwa, binti mmoja wa darasa la nne akanijia na kuniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kama sote ni washindi, mbona madaftari wamepewa watatu tu?" Sikuwa na la kumjibu. Tangu hapo siandiki sentensi ambayo uwanja utaikanusha kabla ya saa kumi jioni.

Ninayoyaeleza hapa ndivyo ninavyofanya sasa katika shule ya msingi, kwa hotuba ya dakika tatu. Zaidi ya hapo usiende. Watoto wamesimama juani tangu saa mbili asubuhi, na wenye ualbino ndio jua linalowaumiza kuliko wote, hivyo waombee kiti na kivuli kabla hujashika kipaza sauti.

Hatua ya 1: Anza na ratiba, kalamu iweke chini

Chukua orodha ya washiriki kwa mwalimu wa michezo, weka kando yake daftari la mahudhurio, kisha tia alama kwa kila jina lililomo kwenye mchezo wowote. Utaona majina yaleyale yanajirudia: aliye kwenye mita 100 yumo pia kwenye mita 200, kuruka chini na kupokezana vijiti. Halafu kuna majina ambayo hayapo popote. Hao ndio watakaosikiliza hotuba yako wakijua kwamba haiwahusu, na maneno matamu hayatawadanganya.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, omba mchezo mmoja ambao kila mtoto anaingia. Sisi tunatumia mbio za kujipunguzia muda. Jumanne kila mwanafunzi anapimwa mita 60 na muda wake unaandikwa. Siku yenyewe anakimbia tena, na akipunguza nusu sekunde au zaidi kundi lake linapata pointi moja. Mtoto wa sekunde 15 akifika kwa 14 anapata pointi ileile ya aliyetoka 11 akafika kwa 10. Anayetembea kwa magongo au kwa kiti cha magurudumu naye anapimwa dhidi ya muda wake mwenyewe, kwa hiyo hahitaji mashindano ya pembeni ya kuonewa huruma.

Kwa nini nusu sekunde? Kwa sababu saa inayobonyezwa kwa kidole hukosea kidogo, na punguzo dogo huenda likawa ni kidole cha mwalimu na wala si miguu ya mtoto. Tahadhari nyingine: watoto ni wajanja. Mwaka wa kwanza wa mpango huu baadhi yao walijikokota makusudi Jumanne ili Ijumaa wapunguze. Utawatambua kwa kuwa wanafika mwisho bila kuhema. Dawa yake ni kuwakimbiza mara mbili siku ya kupima na kuandika muda ulio bora.

Kama ratiba imeshafungwa na hakuna nafasi ya mchezo kama huo, basi usiahidi chochote kuhusu "kila mmoja". Ongelea kuvuta kamba, makofi na kazi za pembeni, ambavyo vipo kweli.

Hatua ya 2: Waweke watoto wanne kichwani

Andika majina manne kwenye karatasi ambayo hutamwonyesha mtu: anayetarajiwa kushinda, unayejua atamaliza wa mwisho, mwenye ulemavu au ugonjwa unaomzuia kukimbia, na yule anayechukia michezo kabisa. Hotuba lazima iwe na angalau sentensi moja inayomwambia kila mmoja wao kitu cha kufanya leo. Kazi ya kufanya inakaa kichwani kuliko sifa. "Usigeuke nyuma kabla ya mstari" ni kazi. "Jiamini" si kazi, mtoto hajui aanzie wapi.

Majina yenyewe usiyataje kamwe. Nilishaona mkuu mmoja akimtaja mtoto mwenye ulemavu kwenye kipaza sauti "kama mfano kwa wengine", na yule mtoto akainamisha kichwa mpaka hotuba ikaisha.

Na anayetarajiwa kushinda usimnyime haki yake. Ukisema "kushinda si muhimu" unamdharau aliyefanya mazoezi miezi miwili, na unamwambia aliyeshindwa kwamba alihangaika bure.

Hatua ya 3: Ng'oa maneno yanayouma

Hapa ndipo hotuba nyingi huharibikia, tena kwa nia njema. Neno la kwanza ni "hata". Soma sentensi hii: "Hata ninyi msio na kasi mnaweza." Mwandishi alitaka kutia moyo, lakini mtoto amesikia kwamba yeye ni wa "hata". Ifute, useme tu wanachoweza. Ndugu yake ni "licha ya", kama katika "licha ya ulemavu wake". Nayo itoe.

La tatu ni methali. "Asiyekubali kushindwa si mshindani" tunaisema kila mahali, na ni methali nzuri jioni, matokeo yakishatoka. Ukiisema asubuhi kwenye ufunguzi, unakuwa umeshawagawa watoto kabla filimbi haijapigwa, na kila mmoja anajua imemlenga nani. "Mwenda pole hajikwai" ndiyo mbaya zaidi: darasa zima litageuka kumtazama mtoto mmoja, na jina la utani atakuwa ameshalipata kwako.

Hatua ya 4: Hadithi moja, kwa namba zake halisi

Mimi hutumia ya John Stephen Akhwari, kwa sababu watoto wengi wamesikia jina bila kujua kilichotokea. Lakini simwiti "mwanariadha dhaifu aliyejitahidi". Alikuwa mkimbiaji wa kimataifa aliyeanguka njiani akaumia goti. Jambo lingine la kuangalia: yeye alikuwa mtu mzima na alifungwa bendeji kabla ya kuendelea. Mtoto wa miaka 10 akisikia hadithi hiyo peke yake anaweza kuendelea kukimbia huku mguu umevunjika. Ndiyo maana baada yake huweka sentensi ya kuumia, na siipunguzi hata muda ukinibana.

Hatua ya 5: Hotuba yenyewe

Hii ni ya mwaka jana, karibu kama nilivyoisoma:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, wazazi wetu, walimu wenzangu, itifaki imezingatiwa. Wanafunzi, hamjambo?

Wenye mbio zenu nawaona, mmeshaanza kurukaruka. Leo kimbieni mpaka mstari uishe, msigeuke nyuma kumtafuta mwenzenu. Atakayeshinda tutamshangilia, maana tumemwona akifanya mazoezi.

Jumanne kila mmoja wenu alipimwa mita 60. Muda wako umo kwenye daftari la mwalimu wa michezo. Leo unashindana na namba hiyo. Ukiipunguza nusu sekunde, kundi lako linapata pointi, uwe umefika wa kwanza au wa thelathini.

Mwaka 1968, Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki katika Jiji la Meksiko. Akaanguka, goti likaumia, akafungwa bendeji, akaendelea. Walianza watu 75. Waliomaliza ni 57, na yeye alikuwa wa 57. Mshindi alikuwa ameshafika zaidi ya saa nzima kabla yake. Lakini hesabuni vizuri: kuna watu 18 ambao hawakufika kabisa.

Yule alikuwa mtu mzima mwenye madaktari. Wewe ukiumia, simama, nyoosha mkono. Mwalimu wa huduma ya kwanza yuko chini ya mwembe. Kundi lako halipunguziwi pointi.

Mnaoshika saa, mnaoandika pointi, mnaogawa maji: bila ninyi hakuna atakayejua amekimbia vipi. Andikeni kwa mwandiko unaosomeka.

Na sote tulio pembeni, mbio hazijaisha mpaka wa mwisho avuke mstari. Makofi yasikatike kabla ya hapo.

Sasa natamka kwamba siku yetu ya michezo imefunguliwa rasmi. Michezo oyee!"

Ona kwamba itifaki imechukua mstari mmoja. Diwani, mwenyekiti wa kamati ya shule na wageni wengine mwachie mshereheshaji awatambulishe kabla hujapanda. Ukiwataja wewe, dakika yako moja imekwisha na watoto wameanza kuchezea mchanga.

Sentensi ya mwandiko niliiweka kwa ajili ya binti asiyependa kukimbia, niliyempa kazi ya kuandika pointi. Alicheka, na ndiye niliyekuwa nikimtazama.

Hatua ya 6: Isome kwa sauti, na umsomee mtoto

Isome nje, ukiwa umesimama, huku unatazama saa. Chumbani utasoma haraka. Uwanjani kuna upepo na mwangwi wa spika, nami hupunguza mwendo hadi maneno kama 90 kwa dakika. Kisha msomee mwanafunzi mmoja asiye mwanamichezo na umuulize: "Nimekuambia ufanye nini?" Akikujibu "umetuambia tujitahidi", rudi mezani, hotuba haijasema kitu. Akikujibu "nipunguze muda wangu" au "nisiache kupiga makofi", imefika.

Hatua ya 7: Panga makofi uliyoyaahidi

Ahadi ya mwisho kwenye hotuba haijitimizi yenyewe. Kuna watu wa aina tatu wa kuongea nao siku moja kabla. Mshereheshaji asiseme "na huyooo wa mwisho!" kwa sauti ya kuchekesha, mazoea ambayo wengi wanayo. Walimu wa mstari wa kumalizia wasikunje utepe wala kuanza kuandika matokeo migongo ikiwa imeelekea uwanjani wakati kuna mtoto bado anakuja. Na wanafunzi watano au sita wa darasa la saba, wenye sauti, wasimame mita 20 kabla ya mstari na waanzishe makofi kila mbio. Wengine watafuata, maana wadogo huiga wakubwa. Waambie wapige makofi tu, wasiite "jikaze, jikaze", kwani anayesikia hivyo akiwa peke yake uwanjani anajua ameshaonekana.

Jambo la mwisho ni mchezo unaofuata baada ya hotuba. Ratiba nyingi huanza na fainali ya mita 100 ili mgeni rasmi aone kasi. Omba ianze kuvuta kamba, kundi zima dhidi ya kundi zima, na kamba iwe imeshalazwa uwanjani wakati unasema "imefunguliwa rasmi". Rudisha kipaza sauti, shuka, shika kamba upande wa kundi lenye watoto wachache.