Somo: VPN ya ofisi kwenye Chromebook na kishikwambi, wapi mipangilio inatosha na wapi lazima upakue programu

Wiki iliyopita nilimfungia VPN dada mmoja anayetunza hesabu za duka la vipuri. Ofisini wana ruta ya MikroTik, na fundi wao alishawasha WireGuard ndani yake. Yeye nyumbani ana Chromebook ya mtumba na kishikwambi cha Android. Fundi alimtumia faili moja kwa WhatsApp, `ofisi.conf`, akamwambia "fungua tu". Akaifungua kwenye Chromebook, yakatokea maandishi. Akaifungua kwenye kishikwambi, kikamwambia hakuna programu ya kuifungua. Akahitimisha kwamba vifaa vyake ni vya bei rahisi ndiyo maana havikubali.

Vinakubali vyote viwili, ila kila kimoja kina njia yake. Faili lenyewe lilikuwa hivi (funguo nimezitoa):

```
[Interface]
PrivateKey = (ufunguo wa siri)
Address = 10.7.0.3/32

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa ruta)
Endpoint = vpn.example.com:51820
AllowedIPs = 10.7.0.0/24, 192.168.88.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Tazama mstari wa `AllowedIPs`, maana ndio unaoamua bando lako linakwenda wapi. Hapa zimetajwa anwani za ofisi peke yake, kwa hiyo akifungua faili la mauzo linapita kwenye VPN, akifungua YouTube inakwenda moja kwa moja kwa mtandao wake wa simu. Ukiona `0.0.0.0/0`, ujue kila kitu kinazungukia ofisini kwanza, na intaneti ya ofisi ikiwa nzito na yako itakuwa nzito.

Chromebook: hakuna cha kupakua

ChromeOS ina WireGuard ndani yake. Ingia `Settings`, kisha `Network`, bonyeza `Add connection`, chagua `Add built-in VPN`. Kwenye orodha ya aina utakuta L2TP/IPsec, IKEv2, OpenVPN na WireGuard. Chagua ya mwisho.

Sasa usitafute pa kupandishia lile faili, fomu hii haisomi `.conf`. Unajaza kwa mkono, na hapa ndipo watu wengi wanakwama. Lifungue faili dirisha moja, fomu dirisha la pili, unakili mstari kwa mstari. Kwenye anwani yako mimi huandika `10.7.0.3` tupu, bila ule mkia wa `/32`. Ufunguo wa WireGuard una herufi 44 na huishia na alama ya `=`. Ukinakili kwa kidole kwenye skrini ya kugusa, hiyo `=` ya mwisho ndiyo inayoachwa. Kwenye `Endpoint` weka jina pamoja na nukta mbili na namba ya lango, usiache namba nje.

Fomu itakuuliza pia kama una jozi ya funguo au ikutengenezee. Kama fundi wa ofisi anapatikana, iache itengeneze. Ukishahifadhi, itakuonyesha ufunguo wa wazi, huo ndio unamtumia fundi, na ule wa siri haujatoka kwenye mashine yako hata mara moja. Kwangu hiyo ni bora kuliko kurusha ufunguo wa siri kwenye WhatsApp, ingawa najua mafundi wengi ndivyo wanavyofanya. Upande wa MikroTik fundi anaongeza mstari mmoja:

```
/interface wireguard peers add interface=wg1 allowed-address=10.7.0.3/32 public-key="..."
```

Hifadhi, unganisha. Itaandika kwamba umeunganishwa. Usiamini hapo. WireGuard haipigi hodi na kusubiri kukaribishwa kama VPN za zamani. Mashine yako ikishaandaa njia upande wake inaona kazi imekwisha, hata kama ufunguo umekosewa na ruta haijakujibu chochote. Njia ya kujua ni kumwomba fundi aandike hii kwenye ruta:

```
/interface wireguard peers print detail
```

Kwenye jina lako akiona `last-handshake` ya sekunde chache zilizopita, mmesalimiana. Asipoona kitu, kuna ufunguo, anwani au lango lililokosewa. Kama huna wa kumwomba, fungua kwenye kivinjari kitu kilichopo ofisini tu, mfano ukurasa wa printa. Ukifunguka, umeingia.

Kishikwambi cha Android: hapa programu ni lazima

Kwenye Android ukiingia `Settings`, sehemu ya mtandao, ukagusa VPN na alama ya kuongeza, utakuta fomu. Inadanganya macho. Kuanzia Android 12, hapo unaweza kuongeza IKEv2 za aina kadhaa tu. WireGuard haipo, OpenVPN haipo. Kwa hiyo pakua programu inayoitwa WireGuard kutoka Play Store. Ni ya bure na ni ya walewale waliotengeneza WireGuard yenyewe. Gusa alama ya kujumlisha, chagua kuingiza kutoka kwenye faili, uionyeshe ile `.conf`. Kazi imeisha kwa mguso wa tatu. Android itakuuliza kama unaruhusu programu hii isimamie mtandao, ukubali. Alama ya ufunguo itatokea juu ya skrini.

Yule dada alifika hapa akafurahi, halafu jioni akanipigia: "Kaka, mbona nikiwasha kishikwambi Chromebook inakufa?" Alikuwa ametumia faili lilelile kwenye vifaa vyote viwili. Ruta inamtambua mtu kwa ufunguo wake, na inatuma majibu kule ambako ufunguo huo ulionekana mara ya mwisho. Kishikwambi kikizungumza, majibu yote yanahamia kwake. Chromebook ikizungumza, yanarudi. Kila kimoja kinamnyang'anya mwenzake. Dawa yake ni kila kifaa kiwe na ufunguo wake na anwani yake, Chromebook `10.7.0.3`, kishikwambi `10.7.0.4`.

Lini Chromebook nayo inahitaji programu

Mara tatu ninazozijua mimi. Ya kwanza, Chromebook ya zamani isiyopata masasisho tena, ukifungua orodha ya aina hukuti WireGuard. Ya pili, ofisi inatumia OpenVPN na wamekupa faili la `.ovpn`. Fomu ya ChromeOS hailisomi hilo, na kama ndani yake kuna ufunguo wa ziada wa `tls-auth` fomu haina hata pa kuuweka. Pakua OpenVPN Connect kutoka Play Store, ulipandishe faili humo. Ya tatu ni kurasa kukwama nusu, nimeieleza kwenye maswali.

Programu ya Android ya VPN ikiwashwa kwenye Chromebook, na kivinjari cha Chrome kinapita humo humo. Kiendelezi cha kivinjari kinachojiita VPN ni habari nyingine. Vingi vinabadilisha njia ya kurasa za Chrome peke yake, programu zako za Android zinabaki nje. Kwa kazi ya ofisi sivitumii.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, ofisi yetu wametupa L2TP. Chromebook imekubali, ila kishikwambi kipya cha Android 13 sioni pa kuichagua. Nipakue programu gani?

Usihangaike kutafuta, kaka. L2TP iliondolewa kwenye Android 12. Vifaa vilivyokuwa nayo kabla ya kupandishwa toleo vinaendelea kuitumia, ila kipya hakiwezi kuiongeza. Mwombe fundi awashe IKEv2 au WireGuard kwenye ruta.

Mimi natumia iPad. Je?

iPad kwenye mipangilio ina IKEv2, IPSec na L2TP, kwa hiyo ile L2TP ya aliyetangulia ingekukubali bila programu. WireGuard pakua App Store, mengine ni kama nilivyoeleza kwa Android.

Nimeunganisha, ukurasa wa printa unafunguka, lakini mfumo wa mauzo unazunguka tu hadi nachoka. Natumia 4G.

Vitu vidogo vinapita, vikubwa vinakwama. Hiyo mara nyingi ni MTU, yaani ukubwa wa kifurushi kimoja cha data. VPN inaongeza bahasha yake juu ya kila kifurushi, kikizidi kimo ambacho mtandao wako wa simu unakiruhusu, kinatupwa njiani. Fomu ya ChromeOS haina pa kupunguza. Hii ndiyo ile mara ya tatu: zima VPN ya ndani, weka programu ya WireGuard ya Android kwenye Chromebook, hariri muunganisho, kwenye MTU andika `1280`. Ikianza kupita, umepata mchawi.

Ofisini nafika kwa simu ya rafiki, lakini nikiwa nyumbani kwa waifai yangu sifiki, na inasema nimeunganishwa.

Tazama anwani ya waifai ya nyumbani. Nina wasiwasi nako una MikroTik, nayo inagawa `192.168.88.x` kama ya ofisini. Chromebook ikitafuta `192.168.88.10` inadhani ni kitu cha humo ndani sebuleni. Badilisha namba za nyumbani, ziwe mfano `192.168.57.x`. Za ofisini usiziguse, utawakatia watu wote.

Shikamoo mwalimu. Kishikwambi changu nimepewa kazini, sehemu ya VPN imefifia, haibonyezeki. Programu itapita?

Marahaba. Hapana, na usijaribu kupindisha. Kifaa kinasimamiwa na aliyekupa, na mara nyingi hata Play Store inaonyesha programu alizoziruhusu yeye tu. Kwenye Chromebook andika `chrome://management` utaona kama inasimamiwa. Peleka ombi kwa anayevisimamia, akuwekee VPN kutoka kwake.

Kwa Tanzania hii si kosa?

TCRA ilitoa tangazo Oktoba 2023 kwamba watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN wawasilishe taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, na mwisho ukawekwa tarehe 30 mwezi huohuo. VPN ya ofisi ni kazi, na IP ni ya ofisi, kwa hiyo mwulize bosi kama ofisi ilishajaza. Mimi za wateja wangu ninawakumbusha wakati wa kufunga.

Kishikwambi kilikaa wiki mbili bila chaji. Nimewasha, WireGuard haishiki kabisa, sijagusa chochote.

Angalia tarehe, dada.

Inasema 2019!

Ndiyo hiyo. Kila salamu ya WireGuard ina saa ndani yake, na ruta inakumbuka saa ya salamu yako ya mwisho. Ikija ya nyuma yake inaitupa kimya kimya, ikidhani kuna mtu anairudia salamu ya zamani. Washa saa ijipange yenyewe kwa mtandao, VPN ikiwa imezimwa, kisha uunganishe tena.

Imeshika.