Kumsemesha katuni Kiswahili: midomo saba inatosha

Chora midomo saba, kila mmoja kwenye leya yake: uliofumba (m, b, p), meno ya juu yakigusa mdomo wa chini (f, v), A wazi kabisa, A nusu, uliotanuka (e, i), O, na U iliyochongoka, ambayo pia ndiyo ya w. Basi. Herufi kama k, g, h, t, n na s hutamkwa ndani ya kinywa, na wakati huo midomo imeshashika umbo la irabu inayofuata, kwa hiyo usizichoree kitu. Ukizichorea, katuni ataonekana anatafuna.

Tuchukue "Mbona umepika wali?" Irekodi, iweke kwenye mradi wa fremu 24 kwa sekunde, kisha igawe kwa silabi: mbo-na-u-me-pi-ka-wa-li. Tuseme imechukua sekunde moja na nusu, yaani fremu 36.

Sikiliza polepole uweke alama pale kila irabu inapoanza. Silabi ya pili kutoka mwisho wa neno ndiyo yenye mkazo na huvutwa kidogo, kwa hiyo mbo, pi na wa zipe nafasi zaidi. Mimi ningepanga hivi:

```
1-2    fumba (mb)
3-6    O
7-9    A nusu
10-11  U
12-13  fumba (m)
14-15  E/I
16-17  fumba (p)
18-21  E/I
22-24  A nusu
25-26  U (w)
27-32  A wazi
33-36  E/I
```

Angalia A ya "wa" tu ndiyo imepewa mdomo wazi kabisa. Ukifungua hivyo kwa kila A, na Kiswahili kimejaa A, mdomo utapiga kama mlango kwenye upepo.

Mdomo uliofumba usikae chini ya fremu mbili, la sivyo jicho halitauona na "umepika" itaonekana kama "ueika". Nafasi ikibana, punguza irabu iliyotangulia, kwa sababu midomo hufumba kabla irabu inayofuata haijasikika.

M ina vituko vyake. Kwenye "mtoto" au "mke" ni silabi kamili, hivyo fumba fremu tatu au nne. Kwenye "mbona" imeungana na b, mchoro mmoja unatosha. Kwenye "mvua" usifumbe kabisa: nenda moja kwa moja kwenye meno juu ya mdomo. Jitazame kwenye kioo ukiitamka, utaona.

Mwisho, sogeza midomo yote ianze fremu moja kabla ya sauti, ucheze kwa kasi ya kawaida. Kukagua fremu moja moja hakukuonyeshi kitu. Mdomo ukionekana unachelewa, ongeza fremu ya pili. Ukitetemeka mahali fulani, tafuta irabu iliyopewa fremu moja, uiunganishe na jirani yake.