Mkono umeumia polepole? Usitafute siku ya ajali

Kwa wabanguaji korosho wa Mtwara na Lindi mnaodai fidia WCF: kama mkono uliharibika kidogo kidogo, usibuni siku ulipoumia. Dai liandikwe kama ugonjwa unaotokana na kazi, maana sheria ya fidia inautambua sawa na ajali. Tarehe ya kubuni itakuangusha, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyekuona ukiumia na daftari la kiwanda halina kitu.

Badala ya tukio, eleza mwendo wenyewe wa mkono. Mfano: “Nabangua kwa mkono wa kulia, navuta mpini wa mashine kwa kila korosho, kama mara nane kwa dakika, saa saba kwa siku, tangu 2019. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati ilianza msimu uliopita. Huniamsha usiku. Nikipumzika wiki hupungua, nikirudi mashineni hurudi.” Hesabu mizunguko ya dakika moja ukitazama saa, usikisie. Sentensi ile ya kupumzika ndiyo nzito kuliko zote, kwani inaonyesha maumivu yanaifuata kazi.

Mpe daktari maelezo hayohayo kabla hajaandika. Cheti kikisema “maumivu ya mkono” tu, bila jina la ugonjwa wala kuutaja mpini, maelezo yako hayatasimama. Pia kisukari na ujauzito huleta ganzi ya namna hii. Kama unavyo, vitaje mwenyewe mapema.