Sodiamu 164: jinsi ya kuishusha bila kuupasua ubongo

Msimu wa kaskazi, jua la Tanga linapochoma hadi jioni, wodini hupokea wazee ambao ndugu zao husema jambo moja: "Amelala tu, hata chai hataki." Nawaandikia matabibu na wauguzi wenzangu wanaokutana na mgonjwa wa namna hii na jibu la maabara linasema sodiamu iko juu ya milimoli 145 kwa lita. Nitatumia mfano wa bibi mmoja wa Ngamiani, kilo 50, umri wa miaka 78, aliyekuwa na sodiamu ya 164. Mtoto mchanga nitamgusa baadaye, kwa sababu kwake mambo machache hubadilika.

Kwanza elewa kinachotokea kichwani

Maji yakipungua kwenye damu, sodiamu inakolea, na maji yaliyo ndani ya chembe za ubongo huvutwa nje. Ubongo husinyaa. Lakini haukubali kukaa hivyo: kwa muda wa siku moja au mbili hujikusanyia chembechembe za ndani, chumvi na viini vingine vidogo, ili uyarudishe maji yake. Baada ya hapo ubongo unakaribia ukubwa wake wa kawaida, ingawa damu bado ina chumvi nyingi.

Sasa mwagia mgonjwa huyu maji mengi kwa haraka. Chumvi ya damu inapungua ndani ya saa chache, ubongo bado umejaa zile chembechembe, na kuzitoa huchukua siku kadhaa. Maji yanakimbilia ndani, ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilopanuka. Hapo ndipo huja degedege na kupoteza fahamu. Nikiwa mafunzoni niliwahi kufungulia dripu ya dekstrozi kwa kasi kwa kuona huruma, na mgonjwa aliyekuwa anaanza kuzungumza akashikwa na degedege usiku. Ndiyo maana naweka namba mbele.

Hatua ya 1: mshtuko kwanza

Bibi alifika na presha 80/50, mikono baridi. Hapo usihesabu sodiamu kwanza, rudisha mzunguko wa damu. Alipewa seline ya 0.9%, mililita 500, kisha akapimwa tena. Presha ikawa 104/60. Wengi huogopa: "Seline ina chumvi, tutamzidishia." Ina sodiamu 154 kwa lita, nayo ni chini ya 164 yake. Haimpandishi, na pia haimshushi kwa kasi, kwa hiyo inafaa kwa kazi hii. Dekstrozi haitibu mshtuko.

Pima sukari kabla ya kuendelea. Sukari iliyopanda sana hukojoza maji na kuleta sura hii hii.

Hatua ya 2: hesabu upungufu

Maji ya mwili wa mwanamke mzee ni takriban asilimia 45 ya uzito wake. Mwanamume mzee asilimia 50. Kwa bibi ni lita 22.5.

```
Upungufu (L) = maji ya mwili × (Na / 140 − 1)
             = 22.5 × (164 / 140 − 1) = 3.9
```

Lita karibu nne, basi. Usizitoe siku moja. Kikomo ni kushuka kwa 10 hivi kwa saa 24, yaani chini kidogo ya nusu kwa saa. Kutoka 164 hadi 140 ni 24, hivyo kazi ni ya siku mbili na nusu au tatu.

Hatua ya 3: kiasi cha siku ya kwanza

Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, yakiwemo ya dekstrozi 5%, humshusha kiasi gani?

```
Mshuko kwa lita 1 = (0 − 164) / (22.5 + 1) = −7
```

Ili ashuke 10 anahitaji lita 1.4. Ongeza mililita 700 zinazopotea kwa jasho, pumzi na mkojo: jumla lita 2.1, karibu mililita 88 kwa saa. Hesabu hii ni makisio tu. Vipimo ndivyo vinavyoamua.

Tulitumia njia mbili. Kupitia mpira wa puani alipewa maji yaliyochemshwa na kupozwa, mililita 200 kila saa nne, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Yaliyobaki, mililita 900, yalipita kwenye dripu ya dekstrozi 5%: mililita 38 kwa saa, sawa na matone 13 kwa dakika ukitumia seti ya matone 20 kwa mililita. Njia ya tumbo naipenda zaidi, ilimradi mgonjwa yuko macho vya kutosha na hatapiki.

Hatua ya 4: pima kila saa sita

Tulianza saa nne asubuhi na 164. Saa kumi jioni ikawa 159. Imeshuka tano ndani ya saa sita, wakati tulitarajia tatu tu. Mpango wetu haukuwa na kosa, basi maji yalitoka wapi? Nikamuuliza binti yake.

"Aliamka akaomba maji, daktari. Nikampa vikombe viwili."

Mililita 400 hivi, na hakuna aliyeziandika. Simlaumu, mama yake alikuwa ameomba maji kwa mara ya kwanza. Tulisimamisha dripu kwa saa sita, mpira ukaendelea, na kikombe kikaanza kuandikwa kwenye chati ya maji. Saa nne usiku ikawa 158, asubuhi iliyofuata 154. Siku ya pili 147, ya tatu 143.

Mtoto mchanga

Wa siku kumi, alizaliwa na kilo 3.2, sasa ana 2.7, mama maziwa hayajatoka vizuri. Amepoteza asilimia 16 hivi. Utosi unaweza usizame sana, na ngozi ikishikwa hukaa kama unga uliokandwa, kwa sababu maji ya chembe yanaziba pengo la damu. Usiamini macho, amini mizani. Ubongo wake ukisinyaa mishipa midogo inaweza kuchanika, na ukivimba hana nafasi ya kosa. Kasi ni ileile, isizidi nusu kwa saa, na urekebishaji uchukue siku mbili hadi tatu. Akiweza kunyonya au kulishwa kwa mpira, maziwa ya mama yaliyokamuliwa na kupimwa ndiyo chaguo langu la kwanza. Maji matupu hapana.

Ikiwa ulipewa historia ya hakika kwamba chumvi ilizidi kwenye maji ya kuchanganya nyumbani saa chache tu zilizopita, ubongo haujazoea, na wewe unaweza kuishusha sodiamu haraka zaidi. Muda usiojulikana uhesabu kuwa ni mrefu.

Degedege katikati ya matibabu

Pima sukari papo hapo, dhibiti degedege, simamisha maji yasiyo na chumvi, na pima sodiamu. Ikiwa imeshuka kwa kasi, fikiria uvimbe wa ubongo na mwite mtaalamu. Seline ya 3%, mililita 3 hadi 5 kwa kilo, hupandisha sodiamu kidogo na kupunguza uvimbe.

Bibi alipopata nguvu, tukamuuliza kwa nini aliacha kunywa. Akacheka. Choo chao kiko uani, usiku giza, na magoti hayamruhusu, kwa hiyo tangu alasiri hakuwa anagusa maji. Binti aliondoka na agizo la ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda, na chupa ya lita moja na nusu ambayo mama anapaswa kuimaliza kabla ya magharibi.