Kabla hujaandika lamda kwenye swali la bajeti, cheki haya

Wengi wakiona swali la bajeti, yaani la kutafuta faida kubwa kabisa kwa pesa iliyopo, wanakimbilia kudifarenshieti, halafu mwishoni jibu linagoma na hawajui wamekosea wapi, kumbe kosa lilikuwa mwanzoni kabisa.

Cha kwanza jiulize, hivi pesa itaisha yote kweli? Kizidishi cha Lagrange, yaani hiyo lamda, tunavyokitumia hapa kinachukulia matumizi ni sawasawa na bajeti, so kama kuongeza kitu chochote kunaongeza faida siku zote uko salama, ila kama kuna kiwango ukikifikisha hutaki tena, pesa inaweza kubaki na hilo sharti halikubani hata kidogo.

Tuseme faida ni xy, x bei yake 2, y bei yake 5, pesa ipo 100. Andika hivi:

L = xy + λ(100 − 2x − 5y)

Difarenshieti kwa x unapata y = 2λ, kwa y unapata x = 5λ. Usiishie hapo, ikwesheni ya tatu ni bajeti yenyewe na ndo watu wanaisahau: 2(5λ) + 5(2λ) = 100, yaani 20λ = 100, lamda ni 5, kwa hiyo x = 25, y = 10, faida 250. Angalia sasa, pesa moja ukiiweka kwenye x inakupa y/2 = 5, ukiiweka kwenye y inakupa x/5 = 5, zimelingana, na ndo maana hakuna sababu ya kuhamisha pesa toka huku kwenda kule. Mi naona hapo ndo penye utamu wa njia hii.

Kingine ni umbo la fomula ya faida, na hili usilipite haraka. Ingekuwa x + y badala ya xy, ikwesheni ya kwanza inasema lamda ni 1/2, ya pili inasema 1/5, haziwezi kukubaliana! Ukiona hivyo usidhani umekosea hesabu, jibu liko pembeni, pesa yote inaenda kwenye x unapata 50.

Halafu hizi ikwesheni hazikwambii umepata kubwa au ndogo, so jaribu majirani walio kwenye bajeti hiyohiyo. x = 30 na y = 8 inatoa 240, x = 20 na y = 12 inatoa 240 pia, zote chini ya 250.

Na lamda yenyewe usiitupe, maana hiyo 5 inakwambia pesa ikiongezeka kwa 1 faida inapanda kama 5 hivi (ukipiga kamili ni 5.025). Ila ni kwa ongezeko dogo tu, ukiongeza 20 lamda inakuahidi 100 wakati ukweli x inakuwa 30, y 12, faida 360, yaani imepanda 110, kwa sababu lamda nayo imesogea toka 5 hadi 6.